Sura ya Sita: Deni Lililolipwa Likaendelea Kukua

Tuchukue mkopo wa shilingi 60,000. Aliyeuchukua ni mvunaji wa maua anayeishi Kamere, mtaa wa wafanyakazi ulio kando ya Moi South Lake Road, kusini mwa Ziwa Naivasha. Mkopeshaji ana afisi Naivasha mjini. Riba ni asilimia 2 kwa mwezi, inayohesabiwa juu ya mkopo wote kuanzia mwezi wa kwanza hadi wa mwisho, kwa miezi 12. Riba yote basi ni shilingi 14,400, deni zima ni 74,400, na malipo ya kila mwezi ni 6,200. Mama huyu hazishiki pesa hizo mkononi. Mwajiri anazikata kwenye mshahara na kuzipeleka kwa mkopeshaji, mpango ambao wafanyakazi wa mashamba wanauita chekofu. Kila mwezi zinatakiwa ziwe zimefika tarehe 5. Malipo ya kwanza ni ya Januari 2024, ya mwisho ni ya Desemba mwaka huo huo.

Januari 2025 peislipu yake haina tena mstari wa mkopo. Amekatwa mara 12, amemaliza. Miezi inapita. Mwishoni mwa Juni simu inaingia ujumbe kwamba salio lake ni shilingi 5,000 na alipe haraka kabla hajawekwa CRB.

Mfano huu nimeutunga ili hesabu ziwe nyepesi, lakini unavyoenda ndivyo mikopo mingi ya mshahara inavyoharibika. Mtu wa kawaida akipata ujumbe kama huo hufanya moja kati ya mambo mawili. Ama anaupuuza kwa sababu anajua amelipa, ama anatuma shilingi 1,000 ili wamwache apumue. Yote mawili yanamwumiza. Kinachomsaidia ni barua, na barua hiyo ni lazima ianze kwa kudai leja, sio kwa kudai klirensi. Sababu tunaiona tukiifungua leja yenyewe.

Shilingi 500 zilivyozaa 5,000

Kuanzia Januari hadi Agosti 2024 kila kitu kiko sawa. Septemba, mwajiri anakata 6,200 kwenye mshahara kama kawaida, lakini pesa zinamfikia mkopeshaji tarehe 9 badala ya tarehe 5. Pengine aliyekuwa akitayarisha malipo alikuwa likizo, pengine benki ilizichelewesha. Mkataba unasema malipo yakichelewa kuna riba ya adhabu ya shilingi 500. Mashine ya mkopeshaji inaiweka yenyewe.

Hapo ndipo jambo ambalo wakopaji wengi hawajawahi kuelezwa linaanza kufanya kazi. Pesa zikiingia kwenye akaunti ya mkopo, haziendi moja kwa moja kupunguza malipo ya mwezi huo. Zinagawanywa kwa mpangilio ulioandikwa kwenye mkataba, na mpangilio wa kawaida ni adhabu kwanza, kisha ada, kisha riba, na deni lenyewe mwisho. Kwa hiyo zile 6,200 za Septemba zinatolewa 500 za adhabu, zinabaki 5,700. Malipo ya Septemba yanakuwa yamepungua kwa shilingi 500.

Oktoba pesa zinafika kwa wakati, 6,200 kamili. Lakini kuna upungufu wa 500 wa Septemba, nao unalipwa kwanza. Zinabaki 5,700 za Oktoba, yaani Oktoba nayo imepungua kwa 500. Kwa mashine, mwezi ambao haujalipwa wote ni mwezi uliochelewa, hivyo adhabu nyingine ya 500 inaingia. Sasa anadaiwa 1,000: upungufu wa 500 na adhabu ya 500. Novemba zile 1,000 zinakatwa kwanza, zinabaki 5,200, mwezi unapungua kwa 1,000, adhabu nyingine inawekwa, deni linakuwa 1,500. Desemba, kwa njia hiyo hiyo, linafika 2,000. Mwajiri amekata mara 12 na kazi yake imekwisha, kwa hiyo hakuna pesa nyingine inayoingia. Kuanzia Januari hadi Juni adhabu sita zaidi zinaongezwa, shilingi 3,000. Jumla ni 5,000.

Ukiangalia vizuri, mama huyu alichelewa mara moja tu, kwa siku nne, na hata huko kuchelewa hakukuwa kwake. Adhabu zile tisa zilizofuata zimezaliwa na ile ya kwanza. Tukiiondoa ya kwanza, salio la Desemba ni sufuri na hakuna chochote cha kuadhibiwa baadaye. Ndiyo maana nasema barua idai leja kwanza. Ukiomba klirensi peke yake, karani atatazama skrini, aone 5,000, akujibu kwamba huwezi kupewa klirensi na bado unadaiwa. Kwa upande wake amesema kweli, maana anasoma mstari wa mwisho. Wewe unatakiwa umrudishe nyuma mpaka mstari ulioanzisha mambo, ule wa Septemba.

Sio kila salio la baada ya malipo ya mwisho lina chanzo hiki. Kwenye mikopo ya benki ambayo riba inahesabiwa kila siku juu ya deni lililobaki, ukiuliza salio Jumatatu na ukalipa Ijumaa, riba ya siku nne imeshaongezeka, na hiyo kweli unadaiwa. Dawa yake ni kuomba kiasi cha kufunga mkopo chenye tarehe: nikilipa kufikia siku fulani, ni shilingi ngapi kamili? Chanzo kingine, hasa kwa wanaolipa wenyewe kupitia Paybill, ni nambari ya akaunti iliyokosewa tarakimu moja. Pesa zinamfikia mkopeshaji lakini hazijulikani ni za nani, zinawekwa kwenye akaunti ya muda zikingoja mwenyewe ajitokeze, huku mkopo ukiendelea kuhesabiwa riba kana kwamba hakuna kilicholipwa. Utajua ni hilo ukiona mwezi mzima haupo kwenye leja ilhali simu yako ina ujumbe wa M-Pesa wa siku hiyo. Tofauti hizi huzioni kwenye ujumbe wa simu unaotaja salio peke yake. Zinaonekana kwenye leja tu.

Karatasi za kutafuta kabla ya kuandika

Mama wa Kamere anahitaji ushahidi wa aina tatu, na wa tatu ndio wengi wanausahau.

Wa kwanza ni mkataba wa mkopo. Asome sehemu ya adhabu na sehemu ya mpangilio wa malipo. Je, adhabu ni shilingi 500 kwa kila malipo yaliyochelewa, au kwa kila mwezi ambao kuna salio lolote? Maneno hayo mawili yanaonekana sawa lakini yanaleta hesabu tofauti kabisa. Kama mkataba unazungumzia malipo ya mwezi yaliyochelewa, baada ya Desemba hakukuwa na malipo ya mwezi yaliyokuwa yakingojwa, na zile adhabu sita za Januari hadi Juni hazina mguu wa kusimamia hata kwa mkataba wa mkopeshaji mwenyewe.

Wa pili ni peislipu za miezi 12. Kifungu cha 20 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya mshahara yanayoonyesha kila kilichokatwa, na kifungu cha 19 kinataka pesa zilizokatwa zifikishwe zinakokwenda kwa wakati uliokubaliwa. Kama peislipu nyingine zimepotea, afisi ya wafanyakazi shambani inaweza kuzitoa tena.

Wa tatu ni uthibitisho kwamba mwajiri alizituma pesa, na tarehe aliyozituma. Peislipu inaonyesha pesa zimetoka kwa mfanyakazi. Haionyeshi zimefika. Mkopeshaji akisema hakupokea za Septemba hadi tarehe 9, ni mwajiri pekee anayeweza kuonyesha zilitoka benki yake siku gani. Mfanyakazi aende afisi ya mishahara na aombe kwa maandishi orodha ya malipo ya mkopo huo yaliyopelekwa kwa mkopeshaji, mwezi kwa mwezi, pamoja na tarehe. Ombi la aya mbili linatosha. Aliyelipa mwenyewe kwa simu apate taarifa ya M-Pesa ya kipindi chote kupitia *334#, itakayotumwa kwa barua pepe ikiwa na kila malipo na nambari yake ya muamala.

Jambo moja la kuepuka wakati huu wa kukusanya karatasi ni ile tabia ya kutuma kidogo ili kelele zipungue. Chini ya Sheria ya Ukomo wa Madai, Sura ya 22, kulipa sehemu ya deni ni kulikiri, na muda wa kushtaki unaanza kuhesabiwa upya kutoka siku hiyo. Shilingi 1,000 utakazotuma Jumamosi kwa hasira zitakuja kusomwa kama ungamo kwamba zile 5,000 ulikuwa ukidaiwa.

Barua yenyewe

Watu wengi huenda saiba, wakamweleza mchapaji kwa mdomo, naye akafungua barua aliyomchapia mtu mwingine mwaka jana. Barua hizo zinalalamika sana na kuomba kidogo. Zinasema mteja amehangaishwa, kwamba yeye ni mzazi, kwamba amekuwa mwaminifu. Yote ni kweli, lakini karani wa mikopo hana safu ya kuyaingiza. Anachoweza kukifanyia kazi ni tarehe, kiasi na ombi. Ifuatayo ni barua ambayo ningemwandikia mama huyu. Nimeiandika kwa Kiswahili kwa makusudi: Katiba ya 2010, ibara ya 7, inaitaja lugha hii kuwa rasmi pamoja na Kiingereza, na mtu hujibu vizuri zaidi maswali kuhusu barua anayoielewa neno kwa neno.

*Kamere, Naivasha*
*7 Julai 2025*

*Kwa Meneja wa Mikopo*

*KUH: AKAUNTI YA MKOPO NAMBARI … : OMBI LA LEJA KAMILI, KUREKEBISHWA KWA SALIO NA BARUA YA KUMALIZA DENI*

*Nilikopa kwenu shilingi 60,000. Kwa mujibu wa mkataba nilitakiwa kulipa shilingi 6,200 kila mwezi kwa miezi 12, Januari hadi Desemba 2024, jumla shilingi 74,400. Mwajiri wangu alikata na kuwatumia shilingi 6,200 mara 12. Ninaambatanisha mkataba, peislipu 12 na orodha ya mwajiri inayoonyesha tarehe ya kila malipo.*

*Tarehe 27 Juni 2025 mlinitumia ujumbe kwamba nina salio la shilingi 5,000. Sikubali salio hilo. Kwa kadiri ninavyoona, limetokana na malipo ya Septemba 2024, ambayo yalikatwa kwenye mshahara wangu kwa wakati lakini mkayapokea tarehe 9. Adhabu iliyowekwa mwezi huo ilikatwa kutoka malipo yangu na ikasababisha miezi iliyofuata ionekane imepungua, ingawa ililipwa yote.*

*Naomba mnipatie leja kamili ya akaunti hii tangu mkopo ulipotolewa hadi leo, ikionyesha kila kiasi kilichoingia, tarehe mliyokipokea, jinsi kilivyogawanywa, na kila riba au adhabu iliyoongezwa pamoja na kifungu cha mkataba kinachoiruhusu. Hizi ni data zangu binafsi na naziomba chini ya kifungu cha 26 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, ndani ya siku 7.*

*Naomba muondoe adhabu zote kuanzia Septemba 2024 na mrekebishe salio liwe sufuri ndani ya siku 14. Ikiwa kuna kiasi mnachoamini bado ni halali, nitajieni kiasi hicho peke yake, tarehe yake na kifungu chake.*

*Wakati mnalichunguza jambo hili, naomba msiongeze riba wala adhabu, na msipeleke taarifa mbaya kunihusu kwa kampuni za CRB, kwa kuwa deni hili lina mgogoro. Kama mmekwisha kuipeleka, nijulisheni ni lini na kwa kampuni ipi.*

*Baada ya marekebisho, naomba barua iliyotiwa sahihi na muhuri ikithibitisha kwamba mkopo huu ulilipwa wote, tarehe ulipokwisha, na kwamba hamnidai chochote juu yake.*

*Wako mwaminifu,*
*(jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, sahihi)*

Ni ukurasa mmoja, na haupaswi kuzidi hapo. Sasa nieleze baadhi ya maneno yake, kwa sababu mengine yamewekwa kwa hadhari.

Siku 7 na siku 14 hazikuchaguliwa ovyo. Zinatoka kwenye Kanuni za Jumla za Ulinzi wa Data za 2021: anayeshikilia data zako ana siku 7 kukuonyesha unapoomba, na siku 14 kurekebisha zilizo na makosa. Wakopaji wengi hawajui kwamba leja ya mkopo wao ni data zao. Mkopeshaji aliyekawia kujibu malalamiko ya kawaida huwa mwepesi zaidi anapoona sheria hii, kwa kuwa kuna Kamishna wa Data anayeweza kupelekewa malalamiko, na sheria inampa Kamishna siku 90 kuyamaliza.

Sentensi inayosema "nitajieni kiasi hicho peke yake" ni mlango ulioachwa wazi makusudi. Inawezekana mkataba unaruhusu adhabu ya Septemba hata kama kosa ni la mwajiri. Basi mkopeshaji aseme hivyo, na ubishi utakuwa wa shilingi 500, sio 5,000. Mama huyu anaweza kuzilipa kisha azidai kwa mwajiri aliyechelewesha. Mkopaji anayekataa kila kitu hata kilicho halali anampa mkopeshaji sababu ya kukataa kila kitu naye.

Kuna pia neno ambalo halimo, na naomba lisiwekwe. Wachapaji wa saiba hupenda kuandika juu ya barua za madeni, kwa herufi kubwa, kwamba barua ni "bila kuathiri haki", kwa sababu wameliona kwenye barua za mawakili. Mawakili huliandika kwenye barua za kutafuta maelewano ili yaliyosemwa humo yasije kutumiwa mahakamani. Wewe unataka kinyume chake. Barua hii unaiandika ili siku moja hakimu aisome na aone ulidai leja tarehe gani. Usiifunge mdomo wewe mwenyewe.

Ichapwe nakala mbili. Apande matatu hadi Naivasha mjini, aache moja mapokezini, na ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Wakikataa kugonga muhuri, aitume siku hiyo hiyo kwa anwani ya barua pepe iliyo kwenye mkataba na ahifadhi uthibitisho wa kutumwa. Siku 7 zinahesabiwa kutoka hapo.

Wakisema riba ni halali

Jibu linaloweza kuja ni kwamba mkataba unaruhusu riba mpaka deni liishe, basi. Hapa inategemea mkopeshaji ni nani.

Kama ni benki, kuna ukuta. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki, kilichoanza kutumika tarehe 1 Mei 2007, kinasema mkopo ukishakuwa mbovu, benki haiwezi kudai riba inayozidi deni la msingi lililokuwa limebaki siku ulipoharibika, pamoja na gharama za kulifuatilia. Tazama vizuri mahali hesabu inapoanzia. Haianzii kwenye mkopo wa mwanzo. Mtu aliyekopa 60,000 akabakisha 500 za deni la msingi, mkopo ukaharibika hapo, dari ya riba yake kutoka siku hiyo ni 500, sio 60,000. Kwa taratibu za Benki Kuu, mkopo unahesabiwa mbovu malipo yakipitisha siku 90. Wanaotaja kanuni hii mitaani husema riba haiwezi kuzidi mkopo, na kwa kusema hivyo wanajinyima sehemu kubwa ya kinga yao.

Kifungu hicho kiliandikwa kwa ajili ya benki na taasisi za fedha zinazotajwa na sheria hiyo. Sacco na wakopeshaji wengine hawakutajwa humo. Hata hivyo mahakama zimeonyesha kwamba wazo lake linaweza kuvuka ua. Agosti 2022, Jaji Alfred Mabeya wa Mahakama Kuu aliamua kwamba hata HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, haiwezi kudai riba na faini zinazozidi mkopo wenyewe, ingawa HELB sio benki. Kwa mkopaji wa Kamere uamuzi huo ni hoja ya kuongeza kwenye barua ya pili. Kwa barua ya kwanza hauhitajiki, kwa kuwa kesi yake haihusu riba kuwa kubwa mno. Inahusu riba iliyowekwa juu ya deni ambalo halikuwepo, na hoja hiyo inasimama mbele ya mkopeshaji yeyote, awe na leseni ya aina gani.

Siku 14 zikipita bila jibu la maana, malalamiko yanapanda. Ya benki, benki ndogo na wakopeshaji wa simu wenye leseni yanakwenda Benki Kuu ya Kenya. Ya sacco zinazopokea akiba yanakwenda SASRA. Ya leja iliyokataliwa yanakwenda kwa Kamishna wa Data. Na palipo na pesa za kurudishwa, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na sheria yake inataka hukumu itoke ndani ya siku 60 tangu kesi kufunguliwa. Mtu anaweza kujisimamia mwenyewe huko. Karatasi atakazobeba ni zile zile: mkataba, peislipu, orodha ya mwajiri na barua yenye muhuri.

Klirensi ikija

Siku ya kupokea jibu, watu hufurahia kuona tarakimu sufuri na kuondoka. Mama huyu asimame pale pale mapokezini aisome.

Taarifa inayoonyesha salio sufuri sio klirensi. Inasema tu kwamba siku ile ilipochapwa, skrini ilionyesha sufuri. Mwezi ujao mashine inaweza kuongeza ada ya kutunza akaunti, kwa sababu akaunti bado iko wazi. Barua ya kumaliza deni inatakiwa iwe na jina lake kama lilivyo kwenye kitambulisho, nambari ya kitambulisho, nambari ya akaunti ya mkopo, tarehe ambayo deni liliisha, maneno wazi kwamba mkopeshaji hamdai chochote kwa mkopo huo na kwamba akaunti imefungwa, kisha jina na sahihi ya afisa na muhuri. Tarehe ya kumalizika ndiyo inayokosekana mara nyingi, nayo ndiyo nzito. Barua inayosema deni liliisha Julai 2025 inakiri kwa siri kwamba kuanzia Januari hadi Julai lilikuwepo. Katika mfano wetu tarehe iliyo sahihi ni ile ambayo mkopeshaji alipokea malipo ya Desemba 2024, na kama wameandika nyingine, irudishwe papo hapo irekebishwe. Aliyeweka logibuku au hati ya shamba kama dhamana adai pia dhamana iachiliwe, kwa sababu barua peke yake haiondoi jina la mkopeshaji kwenye sajili.

Na klirensi ya mkopeshaji sio cheti cha CRB. Hivi viwili vinachanganywa kila siku, hasa na wanaotafuta kazi. Cheti cha CRB kinatolewa na kampuni za taarifa za mikopo zenye leseni ya Benki Kuu, kama TransUnion, Metropol na Creditinfo, na kila moja ina kumbukumbu zake. Mkopeshaji anaweza kukupa barua safi na asizipelekee kampuni hizo marekebisho. Kanuni za 2020 zinamtaka akuarifu mwezi mmoja kabla ya kupeleka taarifa mbaya, na deni lisilofika shilingi 1,000 halitakiwi kupelekwa kabisa. Rudi kwenye leja uone: deni la mama huyu lilifika 1,000 mwezi wa Oktoba, mwezi mmoja baada ya kosa ambalo hakulifanya. Kwa hiyo wiki chache baada ya kupata barua, aombe ripoti yake kwa kampuni hizo. Akiukuta mkopo huo bado umewekwa alama mbaya, aiandikie kampuni husika kupinga taarifa hiyo na aambatanishe klirensi, kwa sababu alama ikiachwa inakaa miaka 5 baada ya deni kulipwa.

Nakala ya klirensi aitunze pamoja na ile barua yenye muhuri wa kupokelewa. Madai ya mkataba yanaweza kufunguliwa mahakamani kwa miaka 6, na wakopeshaji huuza madeni yao ya zamani kwa madalali wa kukusanya madeni wakiwapa orodha isiyo na maelezo ya nani alishamaliza. Dalali akipiga simu mwaka 2028 akitaja zile 5,000, atatumiwa picha ya barua hiyo, naye ataombwa ajibu kwa maandishi.